Karatasi Tatu, Mkono Mmoja

Julai 2024 nilipitisha mkopo wa shilingi 6,000,000 kwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Wiki ile nilikuwa na mafaili kumi na kitu mezani, na hakuna lililonyooka kama lake. Slipu tatu za mshahara, za Aprili, Mei na Juni. Barua ya mwajiri yenye nembo ya kampuni na muhuri wa bluu. Stetimenti ya benki ya miezi hiyo hiyo mitatu.

Slipu ilisema anabaki na 1,054,000 mkononi. Stetimenti ilionyesha 1,054,000 imeingia kila mwezi. Barua ilisema mshahara wake kabla ya makato ni 1,400,000, na ukitoa makato unaangukia palepale. Nikaweka tiki zangu tatu, meneja wa tawi akasaini, pesa ikatoka. Mkopo wa miezi 24 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, rejesho kama 354,000 kila mwezi. Kama theluthi moja ya mshahara. Safi kabisa.

Alirejesha mara nne. La tano halikuja, simu ikawa haipatikani, na Januari nikajikuta nimekaa kwenye benchi la mapokezi ya kiwanda. Mhasibu wao, mama mmoja mpole, alinikaribisha maji ya kunywa kwanza, akaisoma fomu ya ridhaa ambayo mteja alisaini kwetu, ndipo akaniuliza: "Mwanangu, barua hii mlimpigia nani kuihakiki?" Nikamwonyesha namba iliyokuwa chini ya barua. Akacheka kidogo, akasema hiyo namba haijui.

Mtunza stoo alikuwa mfanyakazi wa kweli, tangu 2019, kama barua ilivyosema. Mshahara wake ulikuwa 800,000 kabla ya makato, 660,000 mkononi, na ulikuwa unaingia kwenye benki nyingine tarehe 25 kila mwezi. Ile akaunti tuliyoiona sisi aliifungua mwisho wa Machi. Muhuri nao ulikuwa wa kweli! Ni muhuri wa kupokelea mizigo, na anayeutunza ni yeye mwenyewe. Nilipoiangalia barua tena, neno STORES lilikuwa pale chini ya jina la kampuni, dogo lakini linasomeka. Nililitazama Julai nzima bila kuliona.

Kwa mshahara wa 660,000, rejesho la 354,000 linamwachia mtu 306,000 za kula, nauli na kodi ya nyumba. Sidhani kama alikusudia kutuibia. Alikusudia kujibana, akashindwa.

Nimekaa na lile faili muda mrefu, maana jibu lote lilikuwamo ndani yake. Kosa langu ni kwamba nilikuwa nauliza kama karatasi zinapatana. Zilipatana kwa sababu zote tatu zilipita kwenye mkono mmoja. Swali lililonisaidia baadaye ni jingine: kwenye kila karatasi, ni sehemu ipi ambayo mwombaji hawezi kuigusa, au akiigusa itabidi aguse na nyingine kumi?

Safu ambayo hakuna anayeisoma

Nianze na slipu, kwa sababu hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Slipu nyingi zinazotoka kwenye programu za mishahara zina safu mbili za namba. Moja ni ya mwezi huu, nyingine ni jumla tangu mwaka uanze. Kwa kodi ya mfanyakazi Tanzania mwaka ni Januari hadi Desemba, si Julai hadi Juni kama bajeti ya serikali, kwa hiyo slipu ya Juni ya mtu aliyekuwapo kazini mwaka mzima inabeba jumla ya miezi sita.

Slipu yake ya Juni ilionyesha PAYE, yaani kodi hiyo ya mshahara, ya mwezi 206,000 na jumla 618,000. Gawanya: unapata 3. Yaani kwa mujibu wa slipu yake mwenyewe, ameanza kulipwa Aprili. Barua ilisema 2019. Miezi sita kwa mshahara ule ingekuwa 1,236,000. Na kama angekuwa amepandishwa Aprili kutoka ule mshahara wake wa kweli wa 800,000, ambao PAYE yake ni 60,000, basi jumla ingekuwa 180,000 za miezi mitatu ya kwanza na 618,000 za mitatu ya pili, yaani 798,000. Hakuna simulizi ya kweli inayoleta 618,000 kwa mtu aliyekatwa kodi Januari, Februari na Machi. Aliyetengeneza slipu zile alitengeneza tatu kwa sababu tuliomba tatu, na jumla yake ikaanzia pale alipoanza kuchapa.

Siku hizi nafanya mgawanyo huu kabla ya kitu kingine chochote kwenye slipu. Unachukua nusu dakika. Si ushahidi wa mwisho, kwa sababu kampuni ikibadilisha programu ya mishahara katikati ya mwaka, jumla wakati mwingine huanza upya, na wafanyakazi wote wanakuwa na namba za ajabu kwenye safu hiyo. Lakini hilo linaulizika kwa mhasibu kwa sentensi moja. Na slipu isiyo na safu hiyo kabisa, zipo nyingi kutoka kwa waajiri wadogo wanaoandika kwa Ekseli, basi imekunyima kipimo hicho tu. Haijamtia mtu hatiani.

Kipimo cha pili cha slipu ni kodi yenyewe. Mtu anayebadilisha slipu hubadilisha mshahara wa juu na kinachobaki chini. Wajanja wanakumbuka kubadilisha na NSSF kwa kuwa asilimia 10 ni rahisi kichwani. PAYE inawashinda, kwa sababu ina ngazi. Kwa Tanzania Bara, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30. Kila asilimia inakula kile tu kilichozidi ngazi iliyo chini yake, na yote inahesabiwa baada ya kutoa mchango wa mfanyakazi wa NSSF.

Kwa slipu ya 1,400,000: toa NSSF 140,000, inabaki 1,260,000. Kodi ya milioni ya kwanza ni 128,000. Zilizozidi ni 260,000, asilimia 30 yake ni 78,000. Jumla 206,000. Mkononi 1,054,000. Mtunza stoo wangu aliipata sawasawa, nadhani kwa kikokotoo cha mtandaoni, kwa hiyo kipimo hiki kisingemkamata. Ila tangu hapo kimenikamatia wengine wawili. Mmoja alikuwa amepandisha mshahara kutoka 800,000 hadi 1,400,000, akarekebisha NSSF, akaiacha PAYE ileile ya 60,000. Slipu ikawa inasema anabaki na 1,200,000, na TRA imemsamehe 146,000 kila mwezi bila sababu.

Mimi nina karatasi ya Ekseli ambayo naandika kwenye A2 kiasi kinachotozwa kodi, yaani baada ya kutoa NSSF, na fomula hii inanipa PAYE:

```
=IF(A2>1000000,128000+(A2-1000000)*0.3,
 IF(A2>760000,68000+(A2-760000)*0.25,
 IF(A2>520000,20000+(A2-520000)*0.2,
 MAX(0,A2-270000)*0.08)))
```

Bunge likibadilisha viwango kwenye bajeti, fomula nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo, la sivyo utaanza kuwatuhumu watu wema. Msomaji wa Kenya naye asiitumie hata kidogo. Kule makato ni mengine, kuna SHIF na tozo ya nyumba, na ngazi za kodi ni zao.

Tofauti ya shilingi mia kadhaa isikupe presha. Tofauti ya maelfu ina sababu, na sababu huwa ni moja kati ya hizi: posho ambayo haikuingizwa kwenye hesabu ya kodi, mwezi ambao mtu hakufanya kazi siku zote, au mkono wa mtu. Mbili za kwanza mwajiri atakueleza.

Stetimenti isomwe kwanza

Nimeanza na slipu kwa sababu ya machungu yangu, lakini kazini siku hizi slipu naifungua ya pili. Naanza na stetimenti, na naomba ya miezi sita, si mitatu. Kuandaa miezi mitatu ya uongo ni gharama ndogo. Miezi sita inamaanisha mtu awe alianza kupanga nusu mwaka kabla ya kuja kwako, na wengi wenye shida ya pesa hawana nusu mwaka. Ningeomba miezi sita Julai ile, ningeona akaunti imefunguliwa Machi kwa salio la sifuri, na ningemuuliza tangu 2019 ulikuwa unalipwa wapi.

Kiasi kilichoingia ni cha mwisho kukiangalia. La kwanza ni nani ameingiza. Mshahara wa kampuni yenye wafanyakazi wengi hutumwa kwa mkupuo, na mstari wake kwenye stetimenti unabeba jina la mwajiri, au neno SALARY, au namba ya faili la malipo, na mwezi hadi mwezi unafanana sura. Mistari ya mtunza stoo ilisomeka CASH DEPOSIT. Mtu ameshika pesa taslimu mkononi, ameipeleka kwa wakala, akaiweka. Wapo waajiri wanaolipa taslimu, sikatai, lakini kiwanda chenye mhasibu na programu ya mishahara si mmoja wao.

La pili ni siku. Pesa ya Aprili iliingia tarehe 28, ambayo mwaka ule ilikuwa Jumapili. Mishahara inayotoka benki moja kwenda nyingine kwa mkupuo hupita siku za kazi. Mwajiri akitumia benki ileile ya mfanyakazi inaweza kuingia hata wikendi, kwa hiyo Jumapili peke yake si kosa. Jumapili, taslimu, kwa wakala, kwa jina la mshahara wa kiwanda: hapo mtu unasimama. Na kulikuwa na kitu rahisi zaidi ambacho sikukifanya. Tulikuwa na wateja wengine wawili kutoka kiwanda kilekile. Stetimenti zao zilikuwa kwenye kabati mita mbili kutoka kwenye kiti changu, na wote wawili walilipwa tarehe 25. Kulinganisha ndani ya mafaili ya ofisi yako, bila kumtajia mteja habari za mwenzake, ni kipimo cha bure ambacho mwombaji hana njia ya kukichezea.

La tatu nalipenda zaidi, ingawa haliandikiki vizuri kwenye fomu: je, akaunti inaishi? Akaunti ya mshahara ya mtu wa Dar ina fujo. Mshahara ukiingia asubuhi, kabla ya jioni ameshatoa laki mbili, amenunua LUKU, ametuma kwa mama kijijini kupitia simu, amelipa ada nusu. Tarehe 15 salio ni elfu nane. Akaunti ya mtunza stoo ilikuwa na mistari sita tu kwa miezi mitatu: 1,054,000 inaingia, siku mbili baadaye inatoka karibu yote kwa mara moja. Mwezi unaofuata, hivyo hivyo. Ilikuwa pesa ileile ikizunguka, ya rafiki mwenye duka kama nilivyokuja kuambiwa. Hakuna LUKU, hakuna mama kijijini. Mtu huyo alikuwa anakula nini?

Ya mwisho kwenye stetimenti ni hesabu ya salio, kwa ajili ya wale wanaohariri faili la PDF. Chukua kila mstari wa mshahara, tazama salio la mstari wa juu yake, jumlisha kilichoingia, linganisha na salio lililoandikwa. Anayebadilisha 660,000 kuwa 1,054,000 analazimika kubadilisha salio la kila mstari unaofuata hadi mwisho wa stetimenti, na wengi wanachoka katikati. Hata hivyo, njia ya uhakika zaidi ni kumwomba mteja afungue programu ya benki yake kwenye simu yake mbele yako, au stetimenti itoke benki ikiwa na muhuri wao. Mteja mkweli hukunja uso kidogo, akafungua.

Barua

Maafisa wengi wanaitumia barua ya mwajiri kuthibitisha kiasi cha mshahara. Mimi naona hapo ndipo inapotusaidia kidogo kabisa. Kiasi nimeshakipata kwenye slipu na benki. Barua naitaka kwa mambo ambayo karatasi nyingine haziwezi kuyasema: mkataba ni wa kudumu au wa muda, unaisha lini, mtu bado yuko kwenye kipindi cha majaribio au ameshathibitishwa, na aliyesaini ana mamlaka ya kusaini. Mkopo wa miezi 24 kwa mwenye mkataba uliobakiza miezi 11 ni tatizo hata kama kila senti kwenye slipu ni ya kweli.

Kisha unapiga simu, lakini si kwa namba iliyo kwenye barua. Hilo nilifundishwa na yule mama mhasibu kwa sentensi moja. Tafuta namba ya ofisi mwenyewe: kwenye tovuti yao, kwenye ankara zao, kwa mteja wako mwingine anayefanya kazi pale, au nenda kwa miguu kama ni karibu. Kampuni yenyewe itafute kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, uone kama ipo na kama jina limeandikwa vilevile. Ukipata mtu, usimsomee taarifa halafu umuulize "ni kweli?" Kila mtu mwenye haraka atajibu ndiyo. Muulize wazi: huyu ameanza kazi lini, cheo chake ni nini, mnalipa tarehe ngapi, mnalipia benki gani. Swali la benki peke yake lingemaliza kesi yangu.

Kabla ya simu hiyo, mteja awe amesaini ridhaa inayosema utamuuliza nani na kuhusu nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na zaidi ya sheria kuna hili: mwajiri mwingine akisikia mfanyakazi wake anakopa, maneno yanaanza. Kama mteja anaogopa bosi wake asijue, mwache aseme sababu. Mara nyingine hofu hiyo ni ya haki kabisa na mnatafuta njia nyingine pamoja.

Kwa watumishi wa umma sehemu kubwa ya haya haikuhusu, kwa kuwa mishahara yao inapita mfumo mmoja wa serikali na makato ya mkopo yanapitia humo humo. Shida yote niliyoieleza ni ya sekta binafsi, ambako kila mwajiri ana utaratibu wake.

Mwalimu

Sasa nieleze upande wa pili, kwa sababu afisa aliyeungua hugeuka kuwa mtu wa kukataa kila kitu, na mimi nilikuwa hivyo kwa miezi kadhaa.

Aprili 2025 alikuja mwalimu wa shule moja binafsi, anataka 2,500,000 kwa miezi 12. Slipu yake, ya Ekseli, haina safu ya jumla: mshahara 800,000, NSSF 80,000, PAYE 60,000, mkononi 660,000. Hesabu inakaa: 720,000 zinazotozwa kodi, 20,000 za ngazi ya chini, na asilimia 20 ya 200,000 ni 40,000. Lakini kwenye stetimenti hakukuwa na 660,000 hata mara moja kwa miezi sita. Kulikuwa na 400,000 kati ya tarehe 1 na 4, kisha 260,000 kati ya tarehe 12 na 15. Na mtumaji hakuwa shule. Alikuwa mtu binafsi, jina la mwanamume.

Kwa macho yangu ya kuungua, hapo palikuwa na kila dalili mbaya. Kiasi hakilingani na slipu, na mtumaji si mwajiri. Nilikaribia kulirudisha faili.

Nikamwomba kwanza afungue taarifa za uanachama wake wa NSSF kwenye simu yake. Hii ndiyo karatasi ya nne ambayo hatukuwa tunaiomba, na sasa naiomba kwa kila mtu wa sekta binafsi. Mchango wa NSSF kwa kawaida ni asilimia 20 ya mshahara, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri, kwa hiyo mwenye 800,000 anatakiwa kuonekana na 160,000 kila mwezi chini ya jina la mwajiri. Zikaonekana: 160,000, mwezi baada ya mwezi, jina la shule, na mwezi wa karibuni tu ndio haujaingia. Hakuna mtu anayelipa 160,000 kila mwezi kwa miaka miwili ili adanganye mkopo wa milioni mbili na nusu.

Kipimo hiki kina upande mmoja tu wenye nguvu. Michango ikionekana, mwajiri na mshahara vimethibitika kwa kiasi kikubwa. Isipoonekana, hujajua kitu, maana waajiri wanaokata na kuchelewa kupeleka ni wengi, na wengine hupeleka ya mshahara wa msingi tu wakiacha posho. Mfanyakazi asiadhibiwe kwa deni la bosi wake. Naandika tu kwenye faili kwamba mwajiri anachelewa, kwa sababu mwajiri anayechelewesha NSSF leo anaweza kuchelewesha mshahara kesho.

Mtumaji alikuwa mwenye shule. Mkuu wa shule, kwa namba niliyoitoa kwenye ubao wa tangazo lao barabarani, alinieleza bila kuulizwa mara mbili: ada zinaingia kwa vipande, kwa hiyo mishahara nayo inatoka kwa vipande viwili, na mwenye shule hutuma mwenyewe kutoka kwenye simu yake ya benki. 400,000 na 260,000 ni 660,000, kila mwezi, bila kukosa hata Desemba shule ikiwa imefungwa. Nilikuwa nalinganisha mstari na slipu. Nilipaswa kulinganisha mwezi na slipu.

Na akaunti yake ilikuwa inaishi haswa. LUKU, dawa, nauli, michango ya harusi. Humo ndani nikaona na jambo ambalo slipu haikuwa nalo: kila tarehe 5, shilingi 80,000 zinatoka kwenda kwa mkopeshaji mwingine. Nikamuuliza, akasema ni mkopo wa friji, umebakiza miezi tisa, akaniuliza mbona sikuandika swali hilo kwenye fomu. Kweli, fomu yetu iliuliza makato ya kwenye mshahara tu.

Kwa hiyo namba niliyoitumia haikuwa ya slipu wala ya barua. Nilichukua kinachoingia benki kwa uhakika, 660,000, nikatoa 80,000, zikabaki 580,000. Utaratibu wetu ni rejesho lisizidi theluthi moja ya hapo, yaani 193,000 hivi. Kwa miezi 12 aliyoomba, rejesho lingekuwa kama 251,000, limepita. Kwa miezi 18 linashuka hadi kama 182,000. Barua ilionyesha mkataba wake unafika Desemba 2026, miezi 20 mbele, kwa hiyo 18 inaingia ndani yake ingawa kwa kubanana.

Alinung'unika kuhusu riba ya miezi sita ya ziada, na alikuwa na haki. Tukakubaliana kwamba mkopo wa friji ukiisha anaweza kulipa zaidi bila adhabu. Kisha nikafika kwenye kisanduku cha tarehe ya rejesho, ambacho mfumo wetu hujaza wenyewe 30. Nikakifuta, nikaandika 16.